Tupeane uzoefu: ulidai barua ya ofa kwanza, au uliacha kazi kwa ahadi ya simu?

Mtunza_Stoo (Tanga)
Wagosi, salamu. Naanza na yangu, halafu na nyie mseme.

Natunza stoo ya vipuri hapa mjini, mwaka wa saba huu, nakaa Makorora. Mwezi uliopita nikapigiwa simu na kampuni ya njia ya Pongwe niliyofanyia usaili. "Umepita. Laki tisa na nusu, unaanza tarehe moja, peleka notisi leo." Kwa sasa nalipwa laki nane na nusu kabla ya makato. Mke wangu alishaanza kuitumia hiyo laki ya juu kabla sijakata simu.

Nikawaandikia kwa imeili, maana simu haina ushahidi: "Nashukuru kwa nafasi. Naomba barua ya ofa inayoonyesha mshahara wa msingi, kila posho na kiasi chake, bima ya afya inahusu nani, muda wa matazamio na tarehe ya kuanza. Siku nitakayoisaini ndiyo nitakayopeleka notisi ya siku 28, hivyo naomba tarehe ya kuanza ihesabiwe kutoka hapo."

Siku ya sita barua ikaja. Laki tisa na nusu kweli ipo, ila ni jumla: msingi 650,000, nyumba 200,000, usafiri 100,000. Hapa nilipo msingi wangu ni 750,000. Nikachukua kalamu. Nikitoa asilimia 10 ya NSSF kwenye jumla yote, kisha PAYE, huku napata 695,750 mkononi. Kule ningepata 763,250. Ile laki imebaki 67,500.

Sasa huku basi la kazini linanichukua na chakula cha mchana nakula bure. Kule nauli na chakula ni kama 3,500 kwa siku. Siku 26 za kazi, 91,000. Na bima imeandikwa "mfanyakazi pekee", mimi nina watoto watatu.

Niliwaomba bima ya familia, wakasema tuongee baada ya matazamio. Nikawaomba hilo nalo waliandike kwenye barua. Wamenyamaza hadi leo. Nipo stoo yangu.

Shemeji_wa_Bagamoyo
Kaka una bahati. Mimi nilikuwa mapokezi kwenye nyumba ya wageni, meneja wa hoteli moja ya ufukweni akanitumia sauti ya Wasapu: "Dada wewe njoo tu, mshahara tutaelewana." Ilikuwa Machi. Nikaacha kazi. Nimefika na begi langu, mvua ya masika inanyesha, hoteli ina wageni wawili. "Subiri Juni, wageni wakirudi." Kule nilikotoka kiti kimeshakaliwa na binti mwingine. Miezi mitatu nikauza vitumbua Magomeni. Ile sauti ninayo mpaka leo, na ukiisikiliza vizuri hakuna mahali ametaja hata shilingi moja.

Kijana_wa_Chumbageni
Mgosi umeogopa tu. Ukiwadai barua wanakuona msumbufu, nafasi anapewa mwingine. Halafu mwaka wa saba huo, ukiacha kazi si una kiinua mgongo chako? Hicho kingekusaidia kuziba.

Mama_Utumishi
Mwanangu wa Chumbageni, kwenye kiinua mgongo umekosea, na kosa hilo limeumiza wengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, isiyozidi miaka kumi, yule ambaye mwajiri ndiye amesitisha ajira yake. Ukiandika barua ya kuacha mwenyewe, huna, labda mkataba wako au sera ya kampuni iwe imeahidi. Kwa hiyo huyu angeiacha miaka yake mezani.

Nimekaa ofisi ya utumishi miaka mingi, na niseme ukweli: mtu anayeomba barua kwa adabu hasumbui. Anayechelewesha barua mara nyingi ni sisi, kwa sababu bajeti ya nafasi haijasainiwa na mkubwa. Ndiyo maana nikiona ofisi inasema "barua utaikuta", najua nafasi yenyewe bado inajadiliwa.

Mtunza Stoo umetazama jambo ambalo wengi hawalioni, yaani mshahara wa msingi. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu ya msingi, si ya jumla. Jumla ikipanda na msingi ukashuka, kila saa ya ziada unaifanya kwa bei ya chini kuliko ulikotoka.

Lingine ni ugeni. Kabla ya kutimiza miezi sita kwa mwajiri mpya huwezi kulalamika kwamba umeachishwa isivyo haki. Mtu wa miaka saba anakuwa mtoto mchanga tena. Ndiyo maana barua iseme wazi matazamio ni muda gani.

Fundi_Mwambao
Mimi nauliza, nikiacha kazi NSSF yangu naitoa lini? Nina ujenzi Majani Mapana umesimama kwenye linta.

Mama_Utumishi
Baba, hapa tunaongelea mtu anayehama kazi. Akihama, namba yake ya uanachama ni ile ile, mwajiri mpya anaendelea kuchangia. Aende nayo siku ya kwanza, asisajiliwe upya. La linta fungulia uzi wake.

BintiPangani
Jamani notisi. Mimi nilipata barua, nikasaini, lakini ilisema nianze baada ya siku kumi. Nikaambiwa nisipomaliza siku 28 mshahara wangu wote unapotea. Nikaomba nitumie likizo yangu ndani ya notisi, wakakataa. Ni haki?

Mama_Utumishi
Kwenye likizo walikuwa sahihi. Notisi haitolewi ukiwa likizo wala haziendi pamoja. Kwenye mshahara walikutisha. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, na ukikataa kuzifanyia kazi mwajiri anaweza kukata, kwenye malipo yako ya mwisho, kiasi ambacho ungelipwa kwa siku hizo. Hilo si sawa na kupoteza kila kitu. Mngeweza pia kuelewana kwa maandishi akuachie mapema. Ila ona alivyofanya mwenye uzi: alitaja siku 28 kabla tarehe haijapangwa.

Dereva_Kange
Mimi nilikuwa na barua, nimesaini, nimeacha kazi. Siku tatu kabla ya kuanza wakaniandikia "tunasikitika, nafasi imesitishwa". Nikaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mmoja akaniambia fungua, mwingine akaniambia hujawa mfanyakazi wao bado, nenda mahakamani kwa kuvunja makubaliano. Nilichoka nikaacha. Mama Utumishi, ni lipi?

Mama_Utumishi
Hilo nimesikia likibishaniwa pande zote mbili, sitakudanganya. Barua iliyosainiwa na pande zote bado unayo?

Dereva_Kange
Yangu ninayo. Waliyosaini wao hawakunirudishia nakala.

Kijana_wa_Chumbageni
Aisee. Hii ya nakala sikuwahi kuifikiria. Mgosi wa stoo, ile imeili uliyoandika naomba niinakili kama ilivyo, kuna watu wa bandarini wamenipigia jana.

Mtunza_Stoo (Tanga)
Inakili. Ongeza na mstari wa basi na chakula, mimi niliusahau.