Mjadala: Wabantu ni damu moja au ni lugha?

Kijana wa Mjini: Wadau, naomba kujuzwa. Shuleni tuliambiwa Wabantu walitoka Kameruni na mikuki ya chuma, wakawafukuza waliowakuta. Kwa hiyo Mzulu, Mhaya na Mkikuyu ni damu moja? Na waliokuwa hapa kabla yetu walikwenda wapi?

Mchimba Vigae: Anza na hiyo mikuki. Tukilinganisha lugha za Kibantu, neno la mbuzi linafanana karibu kila upande: mbuzi, embuzi kwa Waganda, mbũri kwa Wakikuyu, mbuli kwa Wasukuma, imbuzi kwa Wazulu. Sauti zinapishana kwa utaratibu uleule unaouona kwenye mamia ya maneno mengine, kwa hiyo mtu hawezi kusema waliazimana juzijuzi. Nenda sasa kwenye ulezi: Mganda anasema bulo, Mkikuyu ũgĩmbĩ, Mchewa mawere. Hapo hakuna mzizi mmoja. Wasemaji wa kwanza walikuwa na mbuzi, vyungu na viazi vikuu, basi. Nafaka walizipata njiani, nyingi kwa watu wa lugha za Kikushi na za Sudani walipofika maziwa makuu. Na chuma vilevile: sisi tunasema chuma, Mzulu anasema insimbi.

Fundi wa Maneno: Hapo kwenye chuma umeteleza. "Kufua" chuma ni mzizi wa kale wa Kibantu, Wanyarwanda wanao, sisi tunao. Walijua kufua kabla hawajahama.

Mchimba Vigae: Unafua nguo pia, na unafua nazi. Mzizi unasema kupiga na kuponda. Wengi wanaona ulihusu kugonga vitu kwanza, ukahamia kwenye chuma kilipokuja. Kitendo kinaweza kuwa cha kale na madini yakawa mapya.

Fundi wa Maneno: "Wengi wanaona" si ushahidi, mkuu.

Mchimba Vigae: Sawa, weka maneno pembeni, shika tarehe. Lugha mama iliyozaa lugha zote za Kibantu inakadiriwa kuwa na miaka 4000 hadi 5000, huko mpakani mwa Nijeria na Kameruni. Vyungu vya Urewe, vile vya kale vya ukanda wa Ziwa Viktoria, na tanuri za chuma za Buhaya vina miaka kama 2500. Huwezi kuondoka nyumbani na mkuki utakaofuliwa miaka elfu na ushei baadaye.

Kijana wa Mjini: Kumbe. Lakini bado jeshi lilifika mpaka Natal kwa Wazulu, sivyo?

Mchimba Vigae: Piga hesabu. Kutoka nyanda za Kameruni mpaka Natal ni zaidi ya kilomita 4000, na wakulima walikuwa wamevuka Limpopo kufikia karne ya 4 hivi. Gawanya kwa miaka elfu tatu: kilomita moja na nusu kwa mwaka. Tena hawakwenda sawasawa. Msitu wa Kongo uliwachelewesha mpaka ulipopungua katikati yake, miaka kama 2500 iliyopita, ndipo njia ya kusini ikafunguka. Mtoto anaoa, shamba la baba limechoka, anafyeka bonde la pili. Hiyo ndiyo "vita" yenyewe.

Mpare Halisi: Msisahau sisi milimani. Wambugu wa Lushoto wanasema Kima'a: maneno mengi ni ya Kikushi, viambishi vyote ni vya Kibantu kama Kipare. Haya, hao muwaweke chumba gani? Damu ya nusu?

Binti Kagera: Afadhali hilo. Ila Mpare Halisi, nawe unauliza chumba cha damu kwa ushahidi wa sarufi. Kima'a kinaonyesha jamii moja inaweza kushika maneno ya mababu na kuvaa sarufi ya majirani. Damu yao hukuipima hapo.

Mzee Makala: Maneno mengi. Vipimo vya vinasaba vipo, na vinasema Wabantu wanafanana toka Kameruni mpaka Msumbiji. Lugha na damu vilisafiri pamoja. Mnaogopa nini kusema ni watu wamoja?

Binti Kagera: Nusu ya ukweli, mzee wangu. Watu walihama kweli, hakuna anayekataa. Malawi, mifupa ya wawindaji wa miaka elfu kadhaa iliyopita ilipimwa, matokeo yakatoka 2017: Wachewa wa leo karibu hawana chochote chao. Pale wageni walichukua nafasi yote. Lakini nenda kusini: Waxhosa na Watswana wana sehemu kubwa ya Wakhoisan, wenyeji wa kale wa kusini, ndani yao, na Kixhosa kina zile sauti za kugonga ulimi walizozichukua hukohuko. Sasa geuka: Waaka wa misitu ya Kongo ni wazao wa wawindaji wa kale, na lugha yao ni ya Kibantu. Jirani zao Wabaka, wawindaji walewale, wanasema lugha ya Kiubangi, ambayo si ya Kibantu. Watwa wa Rwanda wanasema Kinyarwanda. Ukisema Kibantu ni damu, Mwaaka umwingize na Mbaka umtoe?

Mzee Makala: Hao ni wachache. Kanuni haivunjwi na wachache.

Binti Kagera: Pango la Shum Laka je, karibu na Bamenda huko Kameruni, nyumbani kabisa panapotajwa kuwa chimbuko? Watoto wanne walizikwa pale, wawili miaka kama 8000 iliyopita, wawili kama 3000. Vinasaba vyao vilitangazwa 2020, na asili yao kuu si ya wasemaji wa Kibantu wa leo. Ukiwa na mifupa peke yake ungekosa hata kijiji cha kuanzia.

Kaka wa Lamu: Mnazunguka. Semeni wazi: Mswahili ni Mbantu au si Mbantu? Maana bara mnapenda kutuita Waarabu tukitaka kitu, na Wabantu tukidai historia yetu.

Mzee Makala: Mwarabu koko ni nyie wenyewe mnaojiita Washirazi.

Kaka wa Lamu: Mzee, heshima kidogo. Ushirazi huo, yaani asili ya Uajemi, mlikuwa mnaucheka miaka yote kwamba ni hadithi. Makaburi ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na kwingineko yakapimwa, watu 80 hivi kwa jumla, 2023. Kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000, na sehemu kubwa ya asili ya Asia ni wanaume wa Uajemi. Nani anacheka sasa?

Fundi wa Maneno: Endelea basi na upande wa mama, usiukate. Zaidi ya nusu ya asili ya wengi wao ni ya Afrika, na imetoka zaidi kwa wanawake. Na baada ya 1500 Waarabu ndio wanaoongezeka kuliko Waajemi.

Kaka wa Lamu: Sijakataa upande wa mama. Na ndiyo maana Kiajemi hakikushika. Mtoto alilelewa kwa lugha ya mama yake, ndugu ya Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro, akachukua dini na jina kwa baba.

Fundi wa Maneno: Hapo umejijibu. Lugha Kibantu, asili mbili au tatu.

Kaka wa Lamu: Nimejibu lugha. Kuhusu mimi ni nani, hujaulizwa.

Kijana wa Mjini: Jamani, niliuliza waliokuwa hapa kabla yetu walikwenda wapi.

Mchimba Vigae: Wahadza wako Eyasi, Wasandawe wako Chemba, Wairaqw wako Mbulu. Hawajaenda popote. Wengine wengi unaweza kuwa unawabeba, inategemea wewe ni wa wapi.

Mzee Makala: Mtu ajiite Mshirazi halafu akatae Uarabu! Bado sijajibiwa.

Kaka wa Lamu: Uajemi si Uarabu, mzee. Tafuta ramani.