Tupeane uzoefu: petikeshi imetimia, lakini mfanyakazi amelipwa mara mbili

KeshiaWaKondele
Wenzangu mnaoshika petikeshi, hamjambo? Niko Kisumu, duka la jumla la vifaa vya ujenzi, tunatumia Odoo. Floti yangu ni 20,000. Mwezi uliopita nilifunga vizuri: kwenye kisanduku 6,350, kwenye mfumo 6,350. Baada ya mshahara, muuzaji wetu mmoja akaniambia, "Dada, nimepata 4,500 za ziada." Mungu ambariki, wengine wangenyamaza. Alikuwa ameenda Kakamega na Bungoma siku mbili kwa pesa zake, akarudi na risiti, nikamlipa 4,500 mkononi, akatia saini vocha. Sasa bosi ananitazama kama mwizi. Imewahi kuwapata?

Mzee_wa_Ledja
Imenipata hapa Nakuru, tena zaidi ya mara moja. Kabla sijasema kitu, nijibu mawili. Huyo muuzaji alijaza madai kwenye simu? Na wewe ulipomlipa, ulichagua akaunti gani?

KeshiaWaKondele
Alijaza, akapiga picha risiti zote. Pale `Paid By` akaacha `Employee (to reimburse)`. Mimi niliingiza vocha kwenye kitabu cha petikeshi, gharama za usafiri 4,500, kama ninavyoingiza zote.

Kijana_wa_Milimani
Dada, shida ni kuhesabu mwisho wa mwezi tu. Hesabu kisanduku kila jioni, hutapotea tena.

Mzee_wa_Ledja
Kijana, kuhesabu kila jioni ni kuzuri, lakini hapa kusingesaidia hata angehesabu kila saa. Pesa zilitoka mara moja kwenye kisanduku na zikaandikwa mara moja, kwa hiyo lazima kitimie. Kosa liko kwingine.

Mhasibu alipoidhinisha yale madai ya simu na kuyapeleka kwenye vitabu, mfumo uliandika usafiri 4,500 na deni la kampuni kwa muuzaji 4,500. Vocha ya dada nayo ikaandika usafiri 4,500 nyingine. Gharama ikawa 9,000, na lile deni likabaki wazi maana hakuna aliyelilipa *ndani ya mfumo*. Wa mishahara akaona mtu anadai, akamlipa. Kila mmoja alifanya kazi yake.

Ilitakiwa dada asiandike gharama kabisa. Angefungua yale madai yaliyoidhinishwa, akabofya `Register Payment`, akachagua petikeshi badala ya benki. Hapo kisanduku kinapungua na deni linafutika. Kwa sasa mhasibu aingize hivi:

```
Debiti   Deni la wafanyakazi   4,500
Krediti  Gharama za usafiri    4,500
```

Akishaingiza, ledja ya muuzaji itaonyesha yeye ndiye anadaiwa 4,500. Akirudisha, zinaingia kisandukuni au benki dhidi ya akaunti hiyohiyo, na inakuwa sifuri. Ukitaka kujua kama kuna wengine, usitazame kisanduku. Tazama madai yaliyo wazi na yale yaliyolipwa pamoja na mshahara, kisha tafuta kiasi kilekile kwenye vocha za petikeshi.

Kijana_wa_Milimani
Si rahisi kufuta tu yale madai?

Mzee_wa_Ledja
Gharama itarudi 4,500, hapo una haki. Lakini picha za risiti na idhini ya meneja viko kwenye madai. Ukifuta, unabaki na karatasi ya vocha peke yake.

Mama_Duka_Busia
Mimi petikeshi yangu hupungua shilingi chache kila siku. Narudishia watu kwa M-Pesa, naandika kilichofika tu. Ni sawa na hii?

KeshiaWaKondele
Hapana mama, hiyo yako ni ada ya kutuma. Iandike mstari wake, gharama za M-Pesa.

Afisa_Malipo
Sisi tulijaribu kuzuia kwa kikomo: zaidi ya 5,000 hailipwi kisandukuni, inapitia benki. Wiki ya pili nikaona madai mawili ya mtu mmoja, tarehe moja, 4,900 na 4,850, kutoka duka moja. Kikomo tulichoweka kinapima kila dai peke yake, hakijumlishi. Siku hizi ninapanga kwa jina na tarehe kabla ya kuidhinisha.

KeshiaWaKondele
Mhasibu ameingiza, ledja ya muuzaji inasoma 4,500, amekubali kurudisha. Asante mzee. Lakini tukikagua tumepata jambo lingine: kati ya zile 4,500, mafuta ya 2,600 yana risiti ya kawaida, si ya eTIMS. Bosi anasema basi hazirudishwi.

Mzee_wa_Ledja
Hayo ni mambo mawili. Tangu Januari 2024 KRA haikubali gharama isiyo na ankara ya eTIMS ikatwe kwenye kodi ya mapato, kwa hiyo kampuni inaumia. Lakini pesa alizitoa muuzaji mfukoni, akiwa kazini. Mimi humlipa, na gharama naiweka kwenye akaunti ya pekee ya gharama zisizokubalika ili isisahaulike wakati wa kodi.

Afisa_Malipo
Kwetu halipwi. Aliambiwa adai ya eTIMS yenye PIN ya kampuni kabla hajatoka kituoni.

Mama_Duka_Busia
Na bodaboda je? Nani atampa PIN?