Tezi ya shingo na hedhi isiyokata: dawa nameza kila siku, mbona kipimo kimepanda tena?

mamaK_Ipogolo
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana nimechoka na hapa navyoandika niko siku ya 11 natoka damu.

Nina miaka 34, watoto wawili. Zamani siku zangu zilikuwa 4 tu, nikimaliza nimemaliza, mzunguko siku 28 haukosei. Toka mwaka juzi mambo yakabadilika, mwezi huu naona baada ya siku 19, mwezi ujao zinapita hata 45 nadhani nimeshika mimba, halafu zikija ndo zinakuja kwa hasira, siku 9, 10, 12. Usiku natandika kanga mbili juu ya nailoni na bado shuka linachafuka. Mabonge yanatoka kama vipande vya maini. Kazini nimeacha kuvaa nguo ya rangi nyepesi kabisa.

Nilidhani ni sindano ya uzazi wa mpango niliyoacha zamani, kumbe daktari aliponishika shingo akauliza kama nasikia baridi. Kweli mchana wa jua mimi niko na sweta, choo kigumu, sauti imekuwa nzito, kilo zimeongezeka 9 na sili vya ajabu. Akaagiza kipimo, TSH ikatoka 58 na karatasi inasema mwisho kawaida ni 4.5. Nikaanzishiwa levothairoksini maikrogramu 100 kila siku. Baada ya wiki 6 kipimo kikashuka mpaka 11, na ule mwezi niliona siku 7 tu, nikafurahi sana.

Sasa siku ya kipimo hicho cha wiki 6 damu yangu ilikuwa 7.9 nikapewa na fefo asubuhi na jioni. Miezi miwili na nusu imepita, sijaruka dawa hata siku moja, nimeenda kupima wiki iliyopita TSH 34! Na damu imerudi kutoka kama mwanzo. Daktari anataka kunipandisha mpaka 150. Ultrasaundi inaonyesha na uvimbe mdogo sentimita 2 kwenye ukuta wa kizazi. Dada yangu ananiambia nitoe kizazi nipumzike. Je hiyo dozi nikubali? Au tezi ndo imekufa kabisa?

Kijana_wa_Makete
Pole sana dada. Hapo mbona iko wazi, TSH 34 maana yake homoni zimezidi mwilini, kawaida ni 4 wewe una 34. Ukiongezewa dawa si ndo zitapanda zaidi? Mimi ningekuwa wewe ningepunguza dozi. Pia hakikisha unatumia chumvi yenye madini joto, bibi zetu huku walikuwa na rovu shingoni kwa kukosa madini joto tu.

Shani_Kisauni
Pole mwaya. Lakini mie nashangaa, mie niko Mombasa na nilikuwa na shida ya tezi pia na yangu ilikuwa kinyume kabisa, hedhi ilipungua badala ya kuzidi. Siku 2, matone tu, pedi moja yatosha, halafu nikakaa miezi miwili bila kuona kitu nikapima mimba mara tatu. Nilikonda, mikono ikitetemeka hata kikombe cha chai chamwagika, moyo wadunda usiku nikilala. TSH yangu ilikuwa chini ya 0.01. Nikapewa kabimazoli na hedhi ikarudi sawa kama mwezi wa nne hivi. Sasa wewe wazidi damu, je wana uhakika ni tezi kweli na si huo uvimbe?

Mfamasia_mstaafu
Mamak, pole mdogo wangu. Kabla sijasema neno naomba unijibu: unameza dawa ya tezi saa ngapi, fefo saa ngapi, na unashushia na nini? Niambie kama unavyofanya kweli, si kama ulivyoelekezwa.

mamaK_Ipogolo
Asante dada mfamasia. Nikiamka saa 11 na nusu alfajiri nachemsha chai ya maziwa ya watoto, ikiwa tayari ndo nameza. Vidonge vyote nimeviweka kwenye kikopo kimoja pale kabatini ili nisisahau, kile cheupe cha tezi na kile chekundu cha fefo, natia mdomoni kwa pamoja nashushia na chai. Jioni fefo nyingine baada ya kula. Sijawahi kuruka naapa.

Mfamasia_mstaafu
Nakuamini kabisa kwamba hujaruka, na tatizo naliona kwenye hicho kikopo.

Fefo ni madini ya chuma. Chuma kikikutana na dawa ya tezi tumboni vinashikana, na dawa ikishikwa namna hiyo haiingii kwenye damu, inapita na kutoka chooni. Maziwa nayo yana kalsiamu inayofanya hivyohivyo. Kwahiyo wewe umemeza 100 kila asubuhi lakini mwili umepata kiasi kidogo tu. Angalia historia yako mwenyewe: wiki 6 za kwanza ulikuwa unameza peke yake, TSH ikatoka 58 mpaka 11. Fefo ilipoingia ikapanda mpaka 34, na dozi haikubadilika. Tezi haijafa ghafla. Una kilo ngapi?

Kijana wa Makete, nakuomba usimshauri mtu apunguze dozi. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo, inatoka kichwani. Ni kama mama anayemwita mtoto aliyelala, mtoto asipoitika sauti inapanda. Ikifika 34 ubongo unapiga kelele kwa sababu homoni ya tezi ni NDOGO. Ya Shani ilikuwa 0.01 kwa sababu tezi yake ilikuwa inamwaga homoni mpaka ubongo ukanyamaza. Wote ni wagonjwa wa tezi lakini wamesimama ncha mbili tofauti, ndo maana mmoja hedhi inafurika na mwingine inakauka. Na hilo la madini joto ni kweli kwa rovu la zamani la milimani, lakini mtu mzima wa leo anayetumia chumvi ya dukani mara nyingi tezi yake inashambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, kumwongezea madini joto hakumsaidii na kukizidi kunaweza kumharibia.

mamaK_Ipogolo
Mungu wangu. Nina kilo 63. Hakuna aliyeniambia nitenganishe, karatasi ya dawa imeandikwa 1x1 basi. Lakini hiyo tezi ya shingoni na damu ya huku chini vinahusianaje?

Mfamasia_mstaafu
Kwa kilo 63, mtu ambaye tezi yake imechoka kabisa huwa anahitaji kama maikrogramu 1.6 kwa kila kilo, yaani 100 hivi. Uliyonayo inatosha, kwahiyo kabla ya kupandishwa mpaka 150 rudi kwa daktari umweleze hili la fefo kwa mdomo wako. Kwasababu ukipandishwa 150 halafu siku moja fefo ikaisha, dawa yote itaingia mara moja na utakuwa kama Shani, moyo mbio na mikono kutetemeka.

Kuhusu damu. Yai likitoka, sehemu lilipotoka inatengeneza homoni inayoutuliza ukuta wa ndani wa kizazi, na homoni hiyo ikishuka ukuta unabanduka wote kwa siku chache na mambo yameisha. Tezi ikilala, mara nyingi yai halitoki. Ukuta unaendelea kunenepa wiki baada ya wiki bila wa kuutuliza, ndo zile siku zako 45, halafu unaanza kumomonyoka vipande vipande bila mpango. Na wengine homoni ya tezi ikipungua sana hata protini za kugandisha damu hupungua, mtu anatoka michubuko ovyo na damu haikati. Je maziwa hayatoki kifuani?

mamaK_Ipogolo
Yanatoka! Nikiminya tu, na mtoto wa mwisho ana miaka 6, niliona aibu kusema. Na michubuko mapajani ipo nadhani nimejigonga.

Mfamasia_mstaafu
Ubongo unapoihimiza sana tezi unaamsha na homoni ya maziwa, na hiyo nayo inazuia yai. Mwambie daktari akupimie na hiyo. Mwambie na michubuko pia, usiiache.

Bi_Zuhura_66
Mwanangu mimi nilihama nikawa nameza dawa ya tezi usiku wakati wa kulala, ilinisaidia sana, hama na wewe.

Mfamasia_mstaafu
Bi Zuhura shikamoo, usiku inafaa, ila tumbo liwe tupu, masaa matatu baada ya chakula. Na kwa Mamak fefo ya jioni ingeifuata hukohuko.

Kwahiyo mdogo wangu fanya hivi: alfajiri ukifumbua macho tu meza cha tezi na maji matupu, ndo uwashe jiko, chai baada ya saa zima. Fefo isogeze isipungue masaa manne mbele, yaani baada ya chakula cha mchana na cha usiku, na isishushiwe chai kabisa kwasababu chai inazuia chuma kisiingie. Chungwa ni zuri. Kikopo viwe viwili, kimoja kando ya kitanda na kingine jikoni. Kipimo rudia baada ya wiki 6 mpaka 8, kabla ya hapo TSH haijatulia itakudanganya. Na leo hesabu pedi: ukilowesha moja kila saa kwa masaa mawili mfululizo, au ukisimama unaona giza, usisubiri wiki 6, nenda hospitali usiku huohuo.

Dada_Neema
Mimi sikubaliani na kusubiri. Uvimbe wangu ulianza sentimita 2 hivyohivyo, ukafika 7. Autoe mapema.

Mfamasia_mstaafu
Dada Neema, inategemea umekaa wapi. Ukiwa umechungulia ndani ya kizazi hata mdogo unatoa damu nyingi, ukiwa nje ya ukuta unaweza kukaa miaka bila kusumbua. Ultrasaundi yake imesema ukutani tu, haitoshi kuamua. Lakini kupasuliwa mtu mwenye damu 7.9 na TSH 34 ni hatari, kwa hilo nasimama hapohapo.

mamaK_Ipogolo
Wapendwa nimerudi, wiki 8 zimepita. Daktari aliponisikiliza hakunipandisha, amebakiza 100, na akanipa dawa ya kukata damu ya siku nne kwa ule mwezi. TSH jana 6.8. Damu 10.1. Mzunguko wa mwisho siku 31, nimeona siku 7, mabonge siku ya pili tu. Kanga usiku natandika moja na haikulowa. Homoni ya maziwa ilikuwa juu kidogo, watarudia TSH ikishuka zaidi. Sweta nimelivua wiki ya tano hivi, kilo zimepungua 3 tu.

Uvimbe bado uko palepale, nimepangiwa ultrasaundi nyingine ya kuangalia kama umeingia ndani. Dada Neema wako ulichukua muda gani kutoka 2 mpaka 7?