MREJESHO: Dogo aliyeniruka akanishtaki kwa bosi

Niliuliza: "Dogo ninayemsimamia kaniruka kaenda kwa bosi wangu kulalamika namrundikia kazi, nimkabili au ninyamaze?"

Wakuu asanteni sana. Nilianza kwa bosi, nikamuomba anipe malalamiko yenyewe tu, nani kasema nini sikutaka kujua, na nikamwomba aniachie nilimalize. Ndo nikaja kukaa na dogo wawili tu, sikugusa kabisa habari ya kwenda juu maana ukianzia hapo anaona unalipiza kisasi na anafunga mdomo, nikamwambia tu niorodheshee kila ulichonacho mezani na nani kakupa. Kumbe karibu nusu ya kazi zinatoka idara nyingine, wanampa kimya kimya na anaogopa kukataa! Tukakubaliana kazi mpya zote zipitie kwangu, nikaandika imeili fupi kwake na kwa bosi.

Mwishoni ndo nikamwambia: ishu za kazi anza na mimi, nikikaa kimya nenda juu, ila kama ni wizi, unyanyasaji au tatizo ni mimi mwenyewe nenda moja kwa moja. Bosi naye kakubali kuwa dogo akimfuata tena atamuuliza kwanza kama kaongea na mimi. Dogo bado ananikwepa kidogo, simlazimishi.