MREJESHO: Fyuzi ya taa ndogo iliyokuwa inaungua kila nikiwasha

Niliuliza: “Wakuu, fyuzi ya 10 ya taa ndogo inaungua kila nikiwasha. Fundi kaniambia niweke ya 30. Niweke?”

Sikuweka. Nilienda kwa fundi umeme wa magari huku Tabata. Akatoa balbu zote za taa ndogo, kisha akaunga balbu ya breki ya wati 21 penye nafasi ya fyuzi. Nikawasha swichi, ikawaka kwa nguvu zote, maana yake umeme ulikuwa unavujia kwenye bodi. Njia hii nimeipenda sana: balbu hairuhusu hata ampea 2 kupita, kwa hiyo unatafuta taratibu bila kuunguza fyuzi.

Akatikisa waya kipande kwa kipande. Alipofungua buti, balbu ikazima. Ndani ya ule mpira wa kwenye bawaba, waya mmoja ulikuwa umechubuka, shaba inagusa bati. Akaunga kwa risasi, akauvalisha upya. Fyuzi ya 10 ina wiki ya tatu sasa.

Waya ule ni mwembamba, umepimiwa fyuzi ya 10. Ukiweka ya 30, hitilafu ikavuta ampea 25, fyuzi inatulia tu, waya ndio unaoungua, plastiki inayeyuka hadi kwenye waya za jirani, nyuma ya kapeti usikoona. Aliyeweka ya 30 aitoe leo.