Ardhi

Mwana wa Kusini: Wakuu, naombeni ushauri. Ardhi.

Kisiki: Viwanja vipo Kibaha, 20 kwa 20, unalipa kwa awamu. Njoo pembeni tuongee.

Bi Tabu: Kisiki, hajasema ananunua. Ndugu, neno hilo lina mambo kumi ndani yake. Nijibu matatu kwanza: eneo liko kijijini au limeshapimwa viwanja? Leo hii nani yuko juu yake? Na wewe una karatasi gani? Kama kuna mtu ameshaanza kujenga au kupanda, anza na hilo.

Mwana wa Kusini: Shamba la marehemu baba, ekari 3, kijijini huko Mkuranga. Baba alifariki 2012. Wiki iliyopita nimepigiwa simu kwamba kuna mtu anachimbia mawe ya mipaka, anadai alinunua. Mimi niko Mwanza, karatasi sina.

Ndiyo Mzee: Miaka 12 imeshapita, hapo huna kesi tena. Labda baraza la kata wakuonee huruma, wao huwa wanaamua haraka.

Bi Tabu: Polepole, Ndiyo Mzee. Miaka 12 ipo kweli kwenye sheria ya ukomo, ila kazi iko kwenye kujua inaanza kuhesabiwa lini. Kama familia ililima mpaka juzijuzi, hiyo ni hesabu moja. Kama mgeni aliingia baada tu ya msiba akawa anavuna kila msimu, hiyo ni nyingine kabisa. Kwa hiyo, ndugu, baada ya msiba nani alikuwa analima?

Na baraza la kata haliamui tena tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu. Likishindwa, mnapanda baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na kule wanadai cheti cha kata kuonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana; siku 30 zikipita bila suluhu, mnaweza kupanda bila cheti hicho. Watu wanaruka hatua ya kata, shauri linatupwa, wanaanza upya na nauli imeshakwisha.

Mwana wa Kusini: Alikuwa analima mama mdogo. Huyo bwana ametuma picha ya karatasi ya mauziano. Muuzaji ni mama mdogo huyohuyo, mwaka 2019, ekari 2. Muhuri wa kijiji upo lakini umefifia. Mipaka imeandikwa: mashariki njia ya ng'ombe, magharibi mwembe, kwingine majina ya majirani.

Fundi Mipaka: Karatasi inasema 2, shamba ni 3. Mawe yake yamezunguka ngapi? Mtume ndugu aliyeko huko ahesabu hatua kutoka jiwe hadi jiwe. Ekari ya kijijini ni hatua 70 kwa 70. Autafute na huo mwembe: uko pembeni mwa shamba au katikati? Kama uko katikati, huenda mnunuzi mwenyewe amevuka karatasi yake. Kama umeshakatwa, majirani waliotajwa ndio watakaoonyesha ulipokuwa, kwa hiyo jueni mapema kama wako hai.

Muhuri peke yake usikutishe wala usikutulize. Mwombeni mtendaji wa kijiji muhtasari wa kikao kilichopitisha mauzo hayo 2019. Ama upo kwenye faili, ama haupo, na vyote viwili ni habari.

Ndiyo Mzee: Sasa si rahisi? Mama mdogo hakuwa msimamizi wa mirathi, hakuwa na cha kuuza. Mauzo batili.

Bi Tabu: Umejuaje? "Mama mdogo" kwa mmoja ni mke wa pili wa baba, kwa mwingine ni mdogo wake mama. Na huenda marehemu alimgawia kipande angali hai. Ndugu, ni yupi kati ya hao? Na mirathi ilifunguliwa?

Mwana wa Kusini: Ni mke wa pili wa baba. Mirathi haijafunguliwa. Naweza kwenda kung'oa hayo mawe kwanza?

Bi Tabu: Usiyaguse. Ukiyang'oa, mgogoro wa shamba unageuka kesi ya jinai, na mshitakiwa ni wewe. Mawe yapigwe picha yakiwa palepale.

Mirathi ndiyo inayokukwamisha. Shamba bado ni la marehemu, na asiyeteuliwa kuwa msimamizi hawezi kulidai barazani kwa jina lake. Kaeni kikao cha familia, mwandike muhtasari, mwende nao pamoja na cheti cha kifo kwenye mahakama ya mwanzo ya alikokuwa anaishi baba. Atakayeteuliwa ana miezi 4 kupeleka orodha ya mali. Hapo mama mdogo naye ana haki ya kuitwa, na akiachwa nje anaweza kupinga uteuzi. Mmemuuliza yeye kilichotokea 2019?

Mwana wa Kusini: Hatuongei tangu msiba.

Fundi Mipaka: Kati ya ndugu zako, nani anaongea naye?