Likizo ya njia ya majahazi: Malindi kwa gari au Lamu kwa mashua?

MjukuuWaNahodha
Salaam wanabaraza. Januari nina siku 4, nataka kufuata njia ya biashara ya wazee wetu. Ama nianzie Gede na Malindi nipande kwa gari, ama niende Lamu moja kwa moja nichukue mashua hadi Pate, nione Siyu na Shanga. Mke wangu hutapika baharini.

Kidagaa
Toka Malindi kwa jahazi! Januari ni kaskazi, tanga litajaa mpaka Lamu.

MwanaPate
Kidagaa, kaskazi ni kweli, ila yatoka huko Lamu kuja kwako. Ndiyo iliyoleta majahazi ya Arabuni na tende zao; kurudi walingoja kusi, boriti zimejaa ngamani. Januari utashuka nayo kuja Malindi, kupanda utapigana nayo. Tena ghuba ya Ungwana ni bahari wazi, shemeji hataiweza.
Ndani ya visiwa maji ni matulivu, lakini pana Mkanda, ule mlango baina ya Manda na bara. Maji yakitoka hakupitiki. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa kama saa kumi, hukauka kama saa nne asubuhi. Mwaka juzi wageni wangu walichelewa chai, tukang'oa nanga saa mbili na nusu. Nikaona maji yamegeuka rangi ya matope, na mizizi ya mikoko iko nje yote. Tukakwama mpaka baada ya adhuhuri, jua la utosi. Bamvua ondoka alfajiri. Maji mafu hujaa asubuhi kama saa nne, ila hayajai sana, chombo kilichosheheni huburuza. Ukishuka Mtangawanda, pikipiki hadi Siyu. Shanga ni mwendo wa miguu kutoka hapo.

Dereva_Garsen
Mimi ningeenda na gari hadi Lamu mjini, lami siku hizi ipo.

BintiLangoni
Gari laishia Mokowe, kaka, utaliegesha uvuke kwa boti. Na vizuizi vya askari njiani usivisahau, beba kitambulisho.

Dereva_Garsen
Mokowe si Lamu? Haya. Lakini Gede ana hasara gani akiiruka?

BintiLangoni
Hasara ipo. Vigae vya Uchina vilivyochimbuliwa pale, na mji wenyewe hauko ufukweni. Utajiuliza bidhaa zilifikaje.

MzeeWaKorja
Baba yangu alikata boriti, zikihesabiwa kwa korja, 20 kila korja. Ukilala nyumba ya zamani Lamu, tazama dari: chumba ni chembamba kwa sababu boriti haifiki mbali. Hiyo ndiyo njia ya biashara, iko juu ya kitanda chako.

MjukuuWaNahodha
Basi Lamu kwanza, Gede nikirudi. Nahofia tu siku zangu za ruhusa zisiangukie maji mafu.

Kidagaa
Shemeji umemuuliza kuhusu ile alfajiri?